Utani Niliouandika Kwenye Daftari la Makosa

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa famasia, nimepelekwa mafunzo kwa vitendo kwenye hospitali moja pale Ng'ambo, na kwenye dirisha la dawa nilikuwa kama redio, sizimwi. Wagonjwa waliniita dokta. Sikuwasahihisha.

Mama mmoja alikuja kutoka Ulyankulu na binti yake mdogo mgongoni, mgonjwa wa selimundu. Nikampa bahasha ya foliki, kidonge chake cha kila siku cha damu. Akachungulia ndani.

"Dokta, za mwanangu huwa za njano. Hizi nyeupe."

"Zimebadili jezi, mama. Msimu mpya."

Foleni nzima ikacheka. Naye akatabasamu kwa adabu, akaondoka.

Ila hakwenda stendi. Alikwenda kugonga mlango wa mfamasia, mkuu wetu. Akafungua pindo la khanga, akatoa kidonge kimoja cha njano kilichobaki mwezi uliopita, akakiweka mezani kando ya zile nyeupe. Nyeupe zilikuwa glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari. Mtoto yule angeweza kulala asiamke.

Asubuhi ile ni mimi niliyezipakia kwenye bahasha, makopo mawili, la foliki na la glibenklamaidi, yakiwa wazi kwenye meza moja, ya kiwanda kimoja, lebo zinafanana, yote miligramu tano. Tukafungua bahasha zote za foliki. Nne nyingine zilikuwa na nyeupe. Kwa bahati tu, zilikuwa hazijatoka.

Mchana mkuu alituita, mimi na kaka mmoja mtoa dawa niliyefanya naye kazi, akafungua daftari la makosa. Halina safu ya jina.

"Nifungashe virago kabisa, bosi?"

"Kaa. Ukiondoka wewe, makopo yanabaki."

Kwenye safu ya hatua nikaandika: *Nitakuwa makini.* Akarudisha kurasa nyuma. Makopo yale yale, mwandiko mwingine: *Nitakuwa makini.* Kaka akatazama sakafu.

"Kosa hili la nyuma lilinaswa humu ndani, halikufika dirishani," mkuu akasema. "Mimi nikasaini, nikafunga daftari. Kwa hiyo, kuahidi umakini si hatua. Sasa andika mgonjwa alisema nini, na wewe ulijibu nini."

"Hata ule utani?"

"Neno kwa neno."

Niliandika. Pale kwenye karatasi haukuchekesha hata kidogo.

Glibenklamaidi ikahamia kabati la ukuta wa pili. Kopo moja tu mezani, lifungwe ndipo lije jingine. Mtu wa pili analinganisha vidonge na kopo kabla bahasha hazijaenda dirishani. Na mgonjwa akisema dawa siyo, kazi inasimama, bahasha inafunguliwa mbele yake, anaitwa mkuu.

Mwezi uliofuata mama alirudi. Nikamimina vidonge kwenye sinia, vyote vya njano. Akavigeuza kimoja kimoja. Foleni ikaanza kunung'unika, nami nikamsogezea sinia karibu zaidi.

Alipomaliza, akachukua kimoja, akakifunga kwenye pindo la khanga.

"Hiki ni cha kulinganishia," akasema.