Sanduku Lililoachwa Juani

Kila mwaka mimi huwajazia wahudumu wetu wa mifugo fomu za tathmini. Mmoja, wa eneo la Balambala, aliwahi kuacha sanduku la chanjo juani, chanjo zikaharibika. Nikampa mbili kati ya tano kwa utunzaji wa chanjo, kisha mbili kwa ripoti, mbili kwa mahudhurio. Mkataba wake ulitegemea fomu hiyo.

“Adeer, ni ripoti gani niliyochelewesha?” aliniuliza, akiniita ami kwa Kisomali.

Nikafungua faili. Hakuna hata moja iliyochelewa. Mahudhurio yake pia yalikuwa kamili.

Nikajaza fomu nyingine, kila alama na ushahidi wake. Ile mbili ya chanjo ilibaki. Nyingine zikapanda, mkataba ukapona. Kisha, ingawa nilikuwa nimechoka, nikaitoa fomu ya mhudumu mwingine, msemaji wetu hodari mikutanoni, niliyempa tano kila mahali, ili nayo niitafutie ushahidi.