Sauti ya Pili

Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Adolphe alipiga picha kurasa za kitabu cha nyimbo cha kwaya kabla mwenye kitabu hajaondoka nacho kwenda Amerika. Kila ukurasa ulilaliwa na kivuli cha simu. Kivuli kilimkera. Akageuza picha zote ziwe nyeusi na nyeupe, akapandisha mwanga mpaka karatasi ikawa nyeupe pee. Akaunda PDF, akafuta picha za mwanzo kwa kuwa simu ilijaa.

Mwenye kitabu alipokwisha kuondoka, Jeanne, binti wa mwalimu wa kwaya aliyefariki, alipekua nakala ile.

“Nota za baba ziko wapi, kaka?”

Marehemu alikuwa ameandika sauti ya pili kitabuni kwa penseli, hafifu kama kile kivuli, nayo ilifutika pamoja nacho.

Jumamosi walizika mtoto wa jirani. Kwaya nzima iliimba sauti moja.