Shangazi na Giaboksi ya Mwenye Matangi

Shangazi alishona nguo za watu miaka kumi na minane. Nguo za dukani zilipomwangusha, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, alikunja cherehani na kwenda gereji ya mtoto wa kaka yake kuomba kufundishwa ufundi wa magari. Nyumbani alimwita kijana huyo mwanangu. Akishavaa ovaroli, alimwita fundi. Yeye hakuweza kubadilika: kazini na nyumbani alikuwa shangazi, na wateja nao wakalidaka jina hilo.

Kufungua na kufunga alijifunza upesi, maana mkono uliozoea uzi hauogopi skrubu. Kilichomshinda ni giaboksi. Hakuelewa kwa nini injini ileile, kwa kubadilishiwa magurudumu ya meno tu, iwe na nguvu sasa na ikose nguvu baadaye. Fundi alimchorea kwenye kadibodi mpaka wino ukaisha. Shangazi aliitikia kwa adabu, lakini hakuna kilichoingia.

Asubuhi moja fundi akaleta baiskeli yake ya gia, akampakia nyuma mpiga rangi wa gereji, mwanamume wa kilo mia na ushee aliyeitwa Sindano, kisha akamwambia shangazi apande naye mwinuko wa barabarani. Cheni ilikuwa kwenye gurudumu dogo la nyuma, lenye meno kumi na manne. Shangazi alisimama juu ya pedeli kwa uzito wake wote, baiskeli ikasogea hatua mbili na kugoma. Fundi akahamishia cheni kwenye gurudumu la meno ishirini na manane. Safari hii walipanda, taratibu, miguu ya shangazi ikizunguka kama ya kuku anayefukuzwa, Sindano akipungia watu mkono.

Juu ya mwinuko walihesabu meno ya mbele: arobaini na mawili. Kwa lile dogo, pedeli ikizunguka mara moja, tairi linazunguka mara tatu. Kwa lile kubwa, mara moja na nusu.

"Miguu yako haikuongezewa nguvu, shangazi," fundi alisema. "Umelipa kwa mizunguko. Mwendo umepungua nusu, nguvu ya kuzungusha tairi imekuwa mara mbili. Giaboksi inafanya biashara hiyohiyo. Namba moja, injini inazunguka sana, tairi kidogo, ndiyo maana inainua mzigo. Namba tano inakupa mbio, lakini nguvu ya kusukuma inabaki ndogo."

Shangazi alirudi akiwa hoi kwa jasho na uso umejaa furaha.

Wiki ileile akaja mwenye pikapu ya kubebea matangi ya maji. Giaboksi yake ilikuwa imepasuka kasha, akafungiwa hapohapo gereji nyingine iliyotumika, ya umbo lilelile, na tangu siku hiyo gari halipandi kilima. Fundi alibadilisha plagi, akasafisha mfumo wa mafuta, akapima klachi. Kila kitu kizima. Mwenye gari alianza kusema injini imekufa. Katika kulalamika, akataja kwamba kwenye tambarare, kwa namba moja, gari linakimbia kuliko zamani.

Shangazi aliweka kikombe chake chini. Akauliza kama giaboksi ya zamani bado ipo. Ilikuwa kwenye kona, chini ya magunia.

Walitoa plagi, wakainua matairi yote mawili ya nyuma kwa jeki, wakatia namba moja. Shangazi alichora alama za chaki, fundi akazungusha injini kwa spana, naye akahesabu kwa sauti kama anayehesabu vifungo. Injini ilizunguka mara tatu kasoro kidogo, na shafti inayokwenda nyuma ikamaliza mzunguko mmoja. Kisha wakazungusha ile ya zamani kwa mkono: mara nne na zaidi kwa mzunguko mmoja.

"Hii ya sasa ni ya gari la mbio," shangazi alisema. "Ni kama lile gurudumu dogo la baiskeli. Tumempandisha Sindano nayo."

Fundi alikaa juu ya tairi, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Yeye ndiye aliyeifunga, akatazama kasha bila kuhesabu meno.

Gia za zamani zilikuwa nzima. Siku mbili walishinda nazo mchana kutwa, wakizihamisha pamoja na shafti zake kwenye kasha zima la ile ya pili. Shangazi alipanga kila kipande juu ya kitambaa kwa mfuatano wake, na ndiye aliyekaza boliti ya mwisho.

Siku ya tatu pikapu ilipanda kilima na matangi mawili yaliyojaa, shangazi akiwa kiti cha mbele. Mwenye gari alifurahi, kisha akanung'unika kidogo kwamba namba moja imekuwa ya kobe.

"Kobe huyo ndiye anayekubebea maji," shangazi alimjibu. "Ukifika tambarare, badilisha gia, ukimbie utakavyo."

Mwenye gari alicheka, na walipofika tambarare akabadilisha.