Jina la Boulangerie ya Dada Wawili

Kwenye ofisi ya kuandikisha biashara, hapa Bukavu, dada wawili mbele yangu walikuwa wanagombania jina la boulangerie yao ya kwanza, duka la kuoka na kuuza mikate. Mkubwa alitaka jina la mama yao, aliyewalea kwa kuuza mandazi mtaani Cimpunda, akafariki mwaka jana. Mdogo alitaka "Mukate ya Moto".

"Hiyo itawasumbua," karani akasema. "Kila boulangerie inauzishaka mukate ya moto. Jirani akiiandika naye, hamutamukataza. Ya maman niliangalia: iko libre, hakuna mwenye aliichukua."

Mkubwa akachukua kalamu. Mdogo akamshika mkono.

"Yaya, dada yangu mukubwa, hapana. Mukate ikimalizika, watu watataja jina ya maman na kusema: 'Ameisha.' Ile neno nilishaisikia ku hôpital. Inatosha."

Mkubwa akafunika uso kwa kitenge. Baadaye akauliza polepole:

"Asubuhi alikuwa anatuamushaka na kusema nini?"

"'Kumekucha, batoto.'"

Karani akatafuta "Kumekucha" kwenye orodha. Hakuna aliyekuwa ameichukua. Wakatia sahihi wote wawili, machozi yakiwatoka.

Mimi hulalamikia foleni za ofisi zetu kila wiki. Siku hiyo foleni ilisonga haraka mno.