Kiwanja cha Dada na Gari Langu

Siku tuliyokwenda kwa wakopeshaji, dada yangu alivaa kitenge kipya. Kwake ilikuwa siku ya furaha: nilikuwa nimepata mteja wa kununua gari langu, deni lake lingeisha, naye angerudishiwa hati ya kiwanja chake cha Itetemia. Mimi niliendesha gari lenyewe. Nilikuwa nimeanza kushuku hesabu, na sikumwambia.

Hati ile aliiweka dhamana kwa ajili yangu. Mshahara wangu wa ualimu peke yake haukutosha kunipatia mkopo wa gari, na dada, anayeuza vitenge sokoni, hakuniuliza mara mbili. Mimi nami nikachagua kila kilichonipendeza. Fedha ya kianzio nilitoa kidogo. Bima na gharama za usajili nikaomba ziingizwe humo humo kwenye mkopo. Muda nikachukua miaka mitano, ili rejesho la mwezi lisinibane. Nilijiona mjanja sana.

Gari lilipofika likawa la ukoo. Kwetu huwezi kuwa na gari halafu mtu afe Ulyankulu useme huna nafasi. Misiba, harusi, wagonjwa, magunia ya mahindi ya shangazi, vyote lilibeba. Barabara ya vumbi ikalilegeza milango, na kioo cha mbele kikapata ufa. Sikuthubutu kukataa, na kusema kweli sikutaka, nilipenda kuitwa. Kisha mwanangu akaingia chuo, nikachelewesha marejesho mawili, na simu za wakopeshaji zikaanza kwenda kwa dada. Hapo ndipo nilipoamua kuuza.

Ofisini alitupokea binti mpole. Alimwamkia dada, akafungua kompyuta yake.

"Mwalimu, mteja wako anatoa milioni tisa na nusu," akasema. "Salio lako ni milioni kumi na mbili."

Dada alicheka kidogo, akidhani binti amekosea. "Mwanangu, huyu amelipa miaka miwili."

"Amelipa, mama. Lakini mwanzoni salio ni kubwa, kwa hiyo sehemu kubwa ya kila rejesho inakwenda kwenye riba. Zaidi ya nusu ya alichotulipa mpaka leo ni riba. Deni limeshuka polepole, gari limeshuka bei haraka."

"Basi chukueni hilo gari, tumalizane."

"Tukilichukua tutaliuza, na kitakachopungua bado atadaiwa. Akishindwa, tunarudi kwenye dhamana." Hakuitaja hati. Hakukuwa na haja.

Nikauliza kama naweza kumuuzia mteja kwanza, ile tofauti nikailipa taratibu. Akatikisa kichwa. Kadi ya gari walikuwa nayo wao, na isingetoka mpaka deni lote liishe. Milioni mbili na nusu juu ya bei ya mteja, au niendelee kulipa. Kuendelea nisingeweza, na dada alilijua hilo kuliko mtu yeyote, maana simu alizipokea yeye.

Tulipotoka nje nilitamani anitukane. Ningepumua. Aliuliza tu mteja atasubiri mpaka lini. Nikamwambia mpaka Ijumaa.

Kiwanjani kwake kulikuwa na tanuri la matofali yaliyokwisha kuchomwa, na mabati yake yalikuwa yamerundikwa chumbani kwa jirani. Miaka ya kuuza vitenge ilikuwa imelala pale. Mvua zilikuwa zinakaribia, na mwenye nyumba wake alikwisha kumwambia atafute pa kwenda. Nilimwambia asithubutu kuuza chochote, nitakopa kwingine. Nilisema kwa sauti kubwa, na nilijua nasema uongo. Hakuna aliyekuwa tayari kunikopesha.

"Mdogo wangu," akasema, "kiwanja kikienda, matofali nitayapanga wapi?"

Akauza vyote, matofali na mabati. Lori la mnunuzi lilipakia nusu siku nzima nami nikasaidia kupakia, kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi. Kila tofali nililoinua lilinichoma moyo. Fundi wake, aliyekuwa ameahidiwa kazi ile, alikaa pembeni, wala hakuitikia salamu yangu.

Ijumaa mteja alilipa zake moja kwa moja kwa wakopeshaji, dada akaongeza zake, salio likasoma sifuri. Mteja akapewa kadi na funguo, akaondoka na gari. Dada akapewa hati yake. Aliikagua mbele na nyuma, akaikunja ndani ya kanga.

Tulisimama kando ya barabara. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi tangu alfajiri. Kabla sijayaanza, yeye alifungua pochi yake, akahesabu noti chache, akanishikisha mkononi.

"Za bodaboda," akasema. "Sasa huna usafiri, na nyumbani kwako ni mbali."

Nilizipokea.