Chungu Kilichokuwa Bado na Maji

Ilikuwa imenyesha wiki nzima pale Kamembe, na asubuhi ile nilishika tena na tena vyungu vitatu ambavyo havijachomwa, vilivyopangwa kivulini nyuma ya jumba letu dogo la makumbusho. Wageni walikuwa kwaya moja kutoka Bukavu, watu ishirini. Nilikuwa nimewaahidi kwa simu kwamba wataona hatua zote, kuanzia udongo hadi moto. Mimi ndiye mwongozaji anayepewa wageni wa Kiswahili, kwa sababu nililelewa ng'ambo ya mto, huko huko Bukavu.

Mfinyanzi wetu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alichukua chungu kimoja akakibandika shavuni.

"Iko baridi," alisema. "Bado iko na maji ndani. Leo hatuchome."

"Maman, nilishawaambia tutachoma."

"Weye ndiyo uliwaambia."

Kwaya ilifika ikiwa imechelewa saa nzima. Kiongozi wao, mzee mmoja mrefu waliyemwita papa, alinionyesha saa yake hata kabla ya kunisalimia. Walitaka kuvuka daraja kurudi kwao mapema, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika tena.

Nikaanza. Nilieleza jinsi udongo unavyochimbwa bondeni, unavyochambuliwa mawe na mizizi, kisha unavyokandwa kwa miguu pamoja na vigae vya vyungu vya zamani vilivyotwangwa, ili usipasuke ukikauka. Mfinyanzi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Alikandamiza kitako cha chungu ndani ya kigae kikubwa, akaviringisha udongo kama kamba nene, akaizungusha juu ya kitako, akaongeza nyingine. Aliunganisha kwa kidole gumba, akalainisha kwa kipande cha kibuyu, halafu akabingirisha kikamba cha majani yaliyosukwa shingoni mwa chungu, alama zikabaki. Akina mama wa kwaya waliinama kutazama. Mimi nilitazama mawingu.

"Kisha kinakaa kivulini siku nyingi," nikasema haraka haraka, "na mwisho tunakichoma."

"Na moto uko wapi?" aliuliza yule papa. "Ulituambia moto."

Kuni na nyasi kavu zilikuwa tayari uani, nilizipanga mwenyewe. Nilimtazama mfinyanzi. Akatikisa kichwa na kuendelea kulainisha.

Mpaka leo sijui vizuri kwa nini nilifanya nilichofanya. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya watu wa mji niliokulia. Nikaenda kivulini, nikachukua chungu kilichoonekana cheupe, yaani kikavu, kuliko vingine, nikakiweka katikati ya kuni, nikafunika kwa nyasi, nikawasha. Hata kukipasha joto kwanza pembeni ya moto, kama anavyofanya mfinyanzi siku zote, sikukipasha.

Moto ulishika vizuri. Watu wakatoa simu zao kupiga picha. Nikaendelea kusimulia, sauti yangu ikipanda, jinsi moto unavyougeuza udongo kuwa kitu ambacho maji hayawezi tena kukilainisha.

"Rudi nyuma!" mfinyanzi alipaza sauti. "Wote, rudi nyuma!"

Chungu kililia kama jiwe lililopigwa kwa nyundo. Kipande kimoja kiliruka nje ya moto, kikapita karibu na goti la maman mmoja mwimbaji, kikaanguka nyuma yake kikifuka moshi. Hakuumia. Nikakimbilia ndoo ya maji.

Hakuna aliyecheka. Yule maman aliyekoswa alimgeukia mfinyanzi. "Ni nini hii, mama?"

Mfinyanzi akafuta mikono. "Ni maji. Yanabakia ndani ya ukuta wa chungu, haioneki. Moto ukikuja mbio, yanageuka mvuke, yanatafuta njia. Njia hakuna. Basi inapasua."

Kisha wakamwuliza maswali yeye, si mimi. Alijibu yote: siku ngapi, kuni gani, vyungu vingapi hupotea hata ukiwa mvumilivu. Nilisimama pembeni nikimwagia moto maji. Mvua ilipoanza, kwaya ilikimbilia gari, na papa akaniambia tu, "Siku ingine useme bado."

Nilirudi kwa mfinyanzi.

"Maman, nisamehe. Kile chungu kilikuwa chako."

"Nilitumia siku mbili juu yake," alisema.

Siku ya tatu nilimkuta akikanyaga udongo peke yake, kanga imefungwa magotini. Akasogea kidogo.

"Vua viatu," akasema.

Nilikanyaga hadi adhuhuri. Kila nilipodhani umeshalainika, alichota kidogo, akausugua kati ya vidole, akanionyesha kijiwe.

"Bado," akasema, nami nikaendelea.