Nilimwona Akipiga Kelele

Nilimwona akipiga kelele. Sikumsikia. Mpaka leo nikifumba macho naona mdomo ule kwenye kioo changu cha pembeni, umefunguka wote, na hakuna kitu kinachotoka.

Alikuwa abiria wangu wa kila siku, mama mshonaji mwenye kibanda mtaa wa Gisimenti. Asubuhi akitoka nyumbani Batsinda hatafuti motari mwingine, dereva mwingine wa pikipiki, ananingoja mimi. Siku hiyo alijifunga kitenge juu ya gauni, ncha ikalegea njiani, ikaingia kwenye gurudumu la nyuma. Akaniita. Akaniita tena. Watu wa kando ya barabara wakanipungia mikono, nami nikadhani wanataka kupanda, nikaanza kuwasonya: hawaoni nimebeba mtu? Ndipo nikatupa jicho kwenye kioo. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo kwa sababu ya lori lililokuwa mbele, na hilo tu ndilo lililomwokoa. Kitenge kilichanika, akadondoka kwa goti.

Nilimwinua. Akanitazama usoni.

"Hukunisikia?"

"Nilisikia, mama. Breki ndiyo ilichelewa."

Breki haikuwa na kosa lolote. Nilidanganya pale pale, goti lake linavuja damu, kwa sababu niliogopa. Motari asiyesikia ni motari wa nani? Nina miaka kumi na miwili barabarani na sijui kazi nyingine.

Ukweli ni kwamba dalili zilikuwa za siku nyingi. Kila jioni nikizima pikipiki, kitu kilibaki kinalia ndani ya masikio, ngiii, kama mbu asiyetua. Asubuhi kinapungua, basi nasema nimepona. Mke wangu alinilaumu kwamba nafoka nyumbani, nami nikamfokea kwamba sifoki. Ekzosi ilikuwa imetoboka miezi mingi na sikuiziba, eti pikipiki inaunguruma kiume. Helmeti ilinilegea, na kioo chake kilikwaruzika hata nikawa naendesha nimekiinua juu, upepo unanivumia masikioni kwenye kila mteremko. Kelele zikinizidi, naweka vipamba. Mjinga mimi, nilidhani pamba inakinga. Na kwa yote nisiyoyasikia, nilikuwa na vioo viwili. Gari la nyuma nililiona. Abiria akitaka kushuka, nilimwona akisogea. Niliishi kwa vioo hivyo na nikajisifu kwamba mimi ni dereva makini.

Siku ile nilimweleza mke wangu kila kitu. Hakunigombeza, na hilo likanitisha zaidi. Alisema tu kwamba kesho naenda kupimwa, na kwamba asiponiona nimekwenda hatapanda tena pikipiki yangu, yeye wala watoto.

Nilikwenda, ila nilikwenda kwa ujanja wangu. Nilibeba abiria tangu alfajiri, nikafika kliniki na helmeti mkononi. Mpimaji alikuwa dada mdogo mpole. Akaniingiza kwenye kijichumba, akanivika vifaa vya masikioni, akanipa kitufe: nikisikia mlio, hata mdogo vipi, nibonyeze. Alinikalisha ubavu ili nisimwone. Lakini kulikuwa na kabati la vioo ukutani, na ndani ya kile kioo niliuona mkono wake. Mkono ukigusa mashine, nabonyeza. Ukigusa tena, nabonyeza. Nikajiambia nimeshapita.

Akafungua mlango.

"Baba, mara tatu za mwisho niligusa tu. Sikupiga mlio wowote."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kupandisha sauti, nikasema mashine yao mbovu. Akaningoja nimalize. Halafu akaniuliza nimetoka wapi sasa hivi, nikamwambia kazini. Akatikisa kichwa. Alisema sikio lililotoka kwenye makelele huwa limechoka, na lililochoka hupimika baya kuliko lilivyo. Uchovu huo unaweza kuondoka likipumzishwa. Lakini ndani kabisa mna vinywele vidogo vinavyopokea sauti, na makelele ya miaka yanaviua. Vikifa havioti tena. Nipumzike siku mbili: hakuna pikipiki, hakuna muziki wa kuvaa masikioni, halafu nirudi. Kitakachokuwa kimerudi, kilikuwa kimechoka tu. Kisichorudi, basi.

Siku mbili zile sizisahau. Nilikaa nyumbani Batsinda nikijipima mwenyewe kama kichaa. Sauti za watu nilizisikia, ila wakisema wawili kwa pamoja zinanichanganyika. Mvua juu ya bati niliisikia. Siku ya kwanza mchana mke wangu aliniita jikoni kwa mkono, akaniinamisha kwenye jiko la gesi. Alikuwa amelifungua bila kuwasha.

Akaniuliza nasikia nini. Sikusikia kitu. Harufu nilinusa, lakini ule mlio mwembamba wa gesi, ambao yeye alikuwa anausikia akiwa mlangoni, kwangu haukuwepo. Alifunga haraka, akafungua dirisha, akakaa kwenye kiti akaangalia sakafu. Niliogopa, jamani. Niliogopa kuliko siku ya kitenge, maana siku ile kulikuwa na kelele za kusingizia, na jikoni hapakuwa na kelele yoyote.

Nikarudi kliniki kwa basi. Safari hii nilimwomba yule dada anigeuzie kiti nitazame ukuta, na macho nikayafumba mwenyewe. Milio mizito ikaja, nikabonyeza. Ya kati ikaja, nikabonyeza, mingine midogo kabisa, nikafurahi: inarudi! Kisha kimya. Nikangoja. Kimya kikaendelea, nikawaza labda ametoka kunywa chai. Nikafumbua macho, nikageuka.

Alikuwa amekaa pale pale, kidole kwenye mashine, anapiga.

Alinionyesha kwenye karatasi. Sauti za chini na za kati zilikuwa zimepanda kidogo kuliko siku mbili nyuma. Huo ndio uchovu uliotoka. Zile nyembamba za juu mstari ulianguka shimoni, masikio yote mawili. Hizo hazirudi, alisema, ila zilizobaki ziko mikononi mwangu. Nikamuuliza kwa hofu kama vizibo vya masikio havitanimalizia hata kile kidogo ninachosikia. Akasema vinashusha vyote pamoja, injini na honi, na honi inaendelea kujitokeza. Lakini kwa kuwa nimeshapoteza za juu, hakunipa vile vizito kupita kiasi. Alinipa vya kupunguza kwa kiasi. Akanifundisha kuvuta sikio juu na nyuma ndipo kizibo kiingie sawasawa, kwa mikono safi. Niendeshe kioo cha helmeti kimefungwa, yenyewe inibane, ekzosi nizibe, na katikati ya siku nikae mahali patulivu, maana kelele zinajumlishana saa kwa saa. Na kila mwaka nirudi.

Nilifanya yote. Likabaki moja.

Nilikwenda Gisimenti kwa miguu kutoka stendi. Mama alikuwa kwenye cherehani, mguu umefungwa bandeji. Nilisimama mlangoni nikaona aibu ya kutosha.

"Mama, siku ile sikukusikia. Nilikuona tu kwenye kioo. Na ukiita tena kwa namna ile, huenda nisisikie tena."

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno. Aliuliza kama ninaumwa, nikasema hapana. Akauliza nani mwingine anajua, nikasema mke wangu na kliniki. Kisha akasema kesho saa ile ile.

Asubuhi nilimkuta ananingoja, kitenge amekikunja na kukipachika pini mbili. Nilimwambia akitaka nisimame anigonge bega mara mbili. Akapanda. Akaweka mkono wake begani kwangu, mzito, na kutoka Batsinda mpaka Gisimenti hakuuondoa.